Kufuata Vinara wa Soko la Hisa: Faida Hubaki kwa Nani Baada ya Gharama?

Kanuni yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba inaandikika nyuma ya bahasha. Chukua hisa zote za soko, zipange kwa faida ziliyoleta katika miezi sita iliyopita, kama msimamo wa ligi unavyopangwa. Nunua zile za asilimia 10 ya juu, yaani vinara. Azima na uuze zile za asilimia 10 ya chini, yaani washika mkia, ukitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini zaidi ili umrudishie mwenyewe. Kaa nazo miezi sita, kisha panga upya. Huhitaji kusoma mizania ya kampuni yoyote wala kujua inauza nini. Unachofuata ni mwendo wa bei, na ndiyo maana wanataaluma wa fedha wanauita mkakati huu momentamu.

Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti uliopima kanuni hii kwa hisa za masoko mawili ya Marekani, NYSE na AMEX, kuanzia 1965 hadi 1989. Hisa vinara ziliendelea kuleta wastani wa asilimia 1.74 kwa mwezi, na washika mkia asilimia 0.79. Tofauti yake, asilimia 0.95 kwa mwezi, ilikuwa karibu asilimia 12 kwa mwaka. Kwa nadharia iliyotawala vyuo vikuu wakati ule, matokeo hayo yalikuwa mwiba. Nadharia ilisema bei ya leo imeshakusanya kila kinachojulikana, na bei za jana zinajulikana na kila mtu. Iweje basi kuzitazama tu kumpe mtu asilimia 12?

Maelezo mengi yametolewa tangu wakati huo. Wapo wanaosema wawekezaji huchelewa kuamini habari mpya, hivyo bei hupanda kwa awamu. Wengine wanasema watu huwahi kuuza kinachopanda na kung'ang'ania kinachoshuka. Lakini kuna jibu la tatu, la kihasibu zaidi, nalo ndilo linalotuhusu hapa: huenda asilimia 12 ipo kwenye karatasi tu. Huenda yeyote anayejaribu kuichukua huiacha yote njiani, mikononi mwa madalali na ya wale anaobadilishana nao hisa. Ikiwa ni hivyo, nadharia haijavunjwa na hakuna fedha ya kuokota.

Swali hili linaweza kupewa namba moja ya kulipima. Tuitafute.

Namba ya kuvunja

Msimamo wa ligi hubadilika haraka. Jegadeesh na Titman walikuta kwamba kila miezi sita, wastani wa asilimia 84.8 ya hisa za mkakati wao zilibadilishwa. Tukadirie 85 ili hesabu iwe rahisi.

Chukua mtu mwenye dola 100 katika vinara na dola 100 nyingine alizouza katika washika mkia. Miezi sita ikiisha, upande wa vinara anauza hisa za dola 85 zilizoshuka daraja na kununua mpya za dola 85. Hiyo ni miamala ya dola 170. Upande wa washika mkia anafanya vivyo hivyo, akirudisha za zamani na kuuza mpya: dola 170 nyingine. Jumla ni 340 kwa nusu mwaka, na 680 kwa mwaka mzima. Kwa maneno mengine, ili kupata dola 12 za faida, lazima apitishe dola 680 sokoni.

Sasa gawa 12 kwa 680. Unapata takriban asilimia 1.76. Hiyo ndiyo namba ya kuvunja. Kila dola inayonunua au kuuza ikigharimu chini ya asilimia 1.76, mkakati unabakiza kitu. Ikigharimu zaidi, unakula mtaji.

Watafiti hao wawili hawakulikwepa jambo hili. Walidhani gharama ya asilimia 0.5 kwa kila upande wa muamala, kiwango walichokiona kuwa cha juu kwa taasisi kubwa za wakati ule. Kwa hesabu yetu hiyo ni dola 3.4 kwa mwaka. Baada ya kurekebisha hatari ya soko, walibaki na asilimia 9.29 kwa mwaka, na wakahitimisha kwamba faida imesalimika. Kwa miaka kadhaa wengi waliridhika.

Kosa halikuwa katika kuzidisha na kutoa. Lilikuwa katika kuipa kila hisa gharama moja.

Hisa ya dola 4 na hisa ya dola 80

Ada ya dalali ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si kubwa. Sehemu ya pili haionekani kwenye risiti. Sokoni daima kuna bei mbili: ile ambayo wanunuzi wako tayari kutoa, na ile ambayo wauzaji wako tayari kupokea, iliyo juu kidogo. Anayetaka kununua sasa hivi hulipa ya juu. Anayetaka kuuza sasa hivi hupokea ya chini. Mwanya uliopo kati yake ni malipo ya wale wanaokaa sokoni tayari kupokea hisa zako au kukupa zao. Thamani ya hisa tunaiweka katikati ya bei hizo mbili, hivyo kila muamala hukugharimu nusu ya mwanya.

Hadi 1997, bei katika soko la New York zilikwenda kwa hatua za moja ya nane ya dola, yaani senti 12.5. Mwanya haukuweza kuwa mdogo kuliko hapo. Kwa hisa ya dola 80, nusu ya mwanya huo ni chini ya asilimia 0.1 ya bei. Kwa hisa ya dola 4, ni kama asilimia 1.6.

Iweke asilimia 1.6 kando ya namba yetu ya 1.76. Kabla hata dalali hajadai ada yake, hisa ya dola 4 imeshameza karibu nafasi yote iliyokuwapo. Na hisa za dola 4 hukaa wapi katika msimamo wetu? Mkiani. Hisa inayoburuza mkia imefika pale kwa kuporomoka, na hisa iliyoporomoka ina bei ndogo. Aghalabu pia ni ya kampuni ndogo, inayouzwa kwa nadra, yenye habari chache. Kanuni ya momentamu haichagui hisa za kawaida halafu kwa bahati mbaya ikakuta gharama. Kwa namna inavyochagua, inazifuata hisa zenye gharama kubwa.

Hoja hii ndiyo waliyoijenga David Lesmond, Michael Schill na Chunsheng Zhou mwaka 2004. Badala ya kudhani asilimia 0.5 kwa wote, walikadiria gharama ya hisa zile zile ambazo mkakati ulitaka ziuzwe na kununuliwa. Walikuta sehemu kubwa ya faida inatoka upande wa washika mkia, na washika mkia hao ndio walio ghali kufanya nao biashara. Hitimisho lao ni kwamba faida ya momentamu ni kiinimacho: huonekana kubwa pale tu ambapo huwezi kuifikia. Miaka saba kabla yao, Mark Carhart, aliyechunguza mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Marekani, alikuwa ameshasema kwamba gharama za miamala hula faida ya mfuko unaofuata mkakati huu kwa makusudi.

Upande huo wa mkiani una mzigo mwingine. Kuuza hisa usiyo nayo kunahitaji kuiazima, na mwenye nayo hutoza ada. Kwa hisa za kampuni kubwa ada hiyo ni ndogo sana. Kwa hisa ndogo inayodhaniwa na kila mtu kuwa inaelekea kufa, ada hupanda, na wakati mwingine hakuna wa kukuazima kabisa. Jedwali la utafiti huiuza bila shida. Mtu halisi hawezi.

Ukubwa wa mfuko

Gharama ya tatu hutegemea wewe ni nani. Mtu anayenunua hisa 100 halisogezi soko. Mfuko unaonunua hisa milioni moja za kampuni ambayo kwa siku zinauzwa laki mbili hauwezi kupata zote kwa bei ya asubuhi. Oda zake za kwanza humaliza hisa za wauzaji wa bei nafuu, zinazofuata hulipa zaidi, na waliosimama sokoni wakishanusa kwamba yupo mnunuzi mkubwa, hupandisha bei zao. Kwa hiyo mfuko unasukuma bei dhidi yake wenyewe, na kadiri unavyokua ndivyo unavyojiumiza zaidi kwa kila dola.

Hapo ndipo swali la awali linapobadilika sura. Kuuliza kama gharama zinafuta faida hakutoshi, maana kwa dola elfu moja huenda zisifute, na kwa dola bilioni hamsini zikafuta na kuzidi. Robert Korajczyk na Ronnie Sadka, katika utafiti wao wa 2004, waligeuza hesabu: waliuliza mfuko mmoja ungeweza kufikia ukubwa gani kabla faida haijaisha. Walikuta kwamba mpango wa kugawa fedha sawa kwa kila hisa, unaong'ara kuliko yote kwenye karatasi, ndio unaoanguka vibaya kuliko yote gharama zikiingia. Sababu yake inaeleweka: unaipa hisa ndogo isiyouzika mgao ule ule unaoipa kampuni kubwa. Walipoelekeza fedha zaidi kwenye hisa zinazouzika kwa urahisi, baadhi ya mikakati iliweza kubeba dola bilioni 5 au zaidi, kwa kipimo cha soko la Desemba 1999, kabla faida haijatoweka.

Dola bilioni 5 ni fedha nyingi kwa mfuko mmoja, lakini ni tone katika soko zima la Marekani. Namba hiyo inatuambia mambo mawili kwa pamoja: faida ipo kweli, na haiwezi kumtosha kila mtu.

Risiti halisi

Hadi hapo watafiti wengi walikuwa wakikadiria gharama kwa kutazama rekodi za soko zima. Andrea Frazzini, Ronen Israel na Tobias Moskowitz walipata kitu tofauti: rekodi za oda halisi za AQR, kampuni kubwa ya usimamizi wa fedha nchini Marekani, zenye thamani ya takriban dola trilioni moja katika masoko ya nchi zilizoendelea. Walikuta kwamba gharama alizolipa mwekezaji huyo zilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya zile zilizokadiriwa na tafiti za awali. Kwa gharama hizo, momentamu ilisalimika, na ukubwa unaoweza kubebwa uliongezeka zaidi ya mara kumi.

Tofauti kubwa namna hiyo inahitaji maelezo, na yapo. Kwanza, wakati ulibadilika. Mwaka 1997 hatua ya bei ilipunguzwa hadi moja ya kumi na sita ya dola, na mwaka 2001 masoko ya Marekani yakahamia kwenye senti. Mwanya mdogo kabisa wa hisa yetu ya dola 4 ulishuka kutoka senti 12.5 hadi senti moja, na nusu yake ikawa kama asilimia 0.13. Pili, mfuko wa aina hiyo haununui kwa pupa. Huvunja oda kubwa vipande vidogo, huvisambaza kwa siku kadhaa, na kila mara huweka bei yake na kusubiri mwingine aje. Anayesubiri halipi mwanya; mara nyingine huupokea. Tatu, hisa zake nyingi ni za kampuni kubwa.

Msomaji makini atauliza maswali mawili. Watafiti hao walikuwa na uhusiano na kampuni ile ile, nayo huuza huduma za mkakati huu kwa wateja, hivyo ina sababu ya kupenda jibu hilo. Kuwa na maslahi hakumfanyi mtu awe mwongo, lakini kunatosha kututaka tutafute ushahidi wa pili. La pili ni zito zaidi: oda zilizorekodiwa ni zile ambazo msimamizi mwenyewe aliamua kuzitoa. Alipoona hisa ni ghali kununua, huenda aliiacha. Gharama ya oda zilizotolewa haituambii gharama ya zile zilizokwepwa.

Ushahidi wa pili ulikuja kutoka upande mwingine kabisa. Mwaka 2020 Andrew Patton na Brian Weller walichapisha utafiti ambao haukukadiria mwanya wala msukumo wa bei. Walitazama mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Marekani na kuuliza: mfuko unaoegemea hisa zenye momentamu, mwishoni huwapa wenye fedha zao ziada kiasi gani kwa kuegemea huko? Kwa mfuko wa kawaida, jibu lilikuwa sifuri. Ziada inayoonekana kwenye karatasi yote huishia njiani.

Je, tafiti hizi mbili zinapingana? Si lazima. Moja inampima mtekelezaji mmoja mwenye mitambo, subira na nidhamu ya kukwepa hisa ghali. Nyingine inapima mfuko wa kawaida, ambao hulazimika kununua wateja wanapoleta fedha na kuuza wanapozitaka, iwe bei ni nzuri au mbaya. Yote mawili yanaweza kuwa kweli katika soko moja na mwaka mmoja.

Kupunguza mzunguko

Rudi kwenye hesabu ya dola 680. Ina pande mbili, gharama kwa kila dola na idadi ya dola zinazozunguka, na mpaka sasa tumehangaika na ya kwanza tu. Ya pili ndiyo iliyo rahisi kuishughulikia.

Hisa iliyokuwa ya asilimia 10 ya juu mwezi huu inaweza kushuka hadi asilimia 11 mwezi ujao. Kanuni kali inaiuza, na mwezi unaofuata ikirudi kwenye 9 inainunua tena. Umelipa mara mbili kwa badiliko lisilo na maana. Robert Novy-Marx na Mihail Velikov, mwaka 2016, walipima njia mbalimbali za kupunguza gharama na kukuta inayofaa zaidi ni kuwa na mlango mmoja mwembamba wa kuingilia na mwingine mpana wa kutokea. Ingiza hisa ikifika asilimia 10 ya juu, lakini usiitoe mpaka ishuke chini ya asilimia 20 au 30. Mzunguko hupungua sana, ilhali faida ya kabla ya gharama hupungua kidogo tu. Tuseme mzunguko wetu wa 680 umeshuka hadi 400 na faida ya 12 imeshuka hadi 10. Namba ya kuvunja inapanda kutoka 1.76 hadi 2.5. Mkakati uleule, ukiwa na faida ndogo zaidi kwenye karatasi, umekuwa mgumu zaidi kuuawa.

Kuna hatari moja ambayo hesabu hii haiigusi. Mwaka 2009, soko la Marekani lilipogeuka baada ya msukosuko wa benki, washika mkia walipanda kwa asilimia 163 kati ya Machi na Mei, na vinara kwa asilimia 8 tu. Aliyekuwa ameuza washika mkia aliangamia ndani ya wiki chache. Tena, siku za namna hiyo ndizo mwanya kati ya bei mbili huwa mpana, na ndizo kila mtu hutaka kutoka kwa mlango mmoja. Wastani wa gharama wa miaka ishirini huificha siku ambayo gharama ilikuwa na maana kuliko siku zote.

Nairobi na Dar es Salaam

Hesabu ile ile inaweza kujibu swali la msomaji wa Afrika Mashariki. Katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam, mwekezaji mdogo amezoea kulipa karibu asilimia 2 kwa kila muamala ukijumlisha ada za dalali, soko, mamlaka na hifadhi ya hisa. Tayari tumeipita 1.76, na mwanya wa bei haujaingia. Kuuza hisa za kuazima ni jambo adimu, kwa hiyo upande wa washika mkia haupo, na ile asilimia 12 ya Marekani ilitoka pande zote mbili.

Abaki basi na vinara peke yake. Mwenye shilingi 100,000 atauza za 85,000 na kununua za 85,000 mara mbili kwa mwaka: miamala ya shilingi 340,000. Kwa asilimia 2, atalipa shilingi 6,800. Vinara wake wanatakiwa kulishinda soko kwa asilimia 6.8 kila mwaka ili awe sawa na jirani yake aliyenunua hisa akalala. Na kwa soko lenye kampuni chache, asilimia 10 ya juu ni hisa mbili au sita, baadhi yake zikipitisha siku nzima bila kuuzwa hata moja. Hapa gharama zinafuta faida, na hakuna haja ya utafiti mrefu kulijua hilo.

Kwa anayesoma au kuandaa utafiti wa momentamu, kipimo cha kwanza basi si ukubwa wa faida iliyotangazwa. Tafuta mzunguko wa hisa kwa mwaka, gawa faida kwa mzunguko huo, upate namba ya kuvunja. Kisha uliza hisa zilizobeba faida ni zipi, na mtu wa ukubwa uliokusudiwa angelipa kiasi gani kununua hizo hasa, si hisa ya wastani. Utafiti usiotaja mzunguko wake umeficha nusu ya jibu. Kwa Marekani ya leo, jibu lenyewe ni hili: mtekelezaji mkubwa, mvumilivu, anayekaa na hisa zinazouzika anaweza kubakiza sehemu ya faida; mfuko wa kawaida haujaonyesha kwamba unaweza; na mtu binafsi anayeuza na kununua hisa ndogo kila mwezi anawalipa wale wawili.